Shajara ya mradi: posti za kila wiki za boksi la mboga

Tulipoanzia

Nimeamua kuandika huu mradi hatua kwa hatua maana wenye mashamba madogo wanaotaka kuuza mboga moja kwa moja kwa watu wa mjini ni wengi, na wengi wao wanaishia kubandika picha ya matuta ya kijani na namba ya simu. Biashara yetu iko hivi: mteja anajiunga, analipia mwezi, na kila Alhamisi jioni boksi linafika mlangoni kwake. Hachagui mboga moja moja, anachagua boksi dogo la watu wawili au kubwa la familia, na kinachoingia ndani ni kile kilichokomaa shambani wiki hiyo, kawaida aina saba hivi. Binamu yangu ndo yuko shambani, mi niko upande wa kuuza, na kazi yangu kubwa ni posti moja ya wiki, ile inayotoka Jumapili usiku, pamoja na nyingine fupi ya Alhamisi ambayo nitaieleza huko mbele.

Kabla sijaandika posti yoyote niliwapigia simu watu waliowahi kujiunga na boksi la namna hii, letu au la shamba jingine, halafu wakaacha. Sikuwauliza kama mboga zilikuwa nzuri, niliwauliza ilikuwaje siku ile walipoamua kuacha. Karibu wote wakaongelea friji. Yaani mtu anavuta droo ya mboga Jumanne anakuta letasi imekuwa uteute, fungu la giligilani limegeuka njano, spinachi hata mfuko haujafunguliwa, anatupa vyote, na keshokutwa boksi jingine linakuja. Dada mmoja akaniambia, "Kaka, mboga zenu hazina neno, ila mimi narudi saa mbili usiku nimechoka, naliangalia lile boksi sijui nianze na nini." Maneno yake nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi na kila posti naipima kwa hayo.

Kwa hiyo mpango ndo huu: posti isiuze shamba, iuze namna boksi litakavyoisha kabla ya Alhamisi inayofuata. Mtu mwenye shughuli nyingi hana shaka sana kama mboga zimetoka shambani, hilo anakubali haraka, hofu yake ni kulipia vitu vikaozee ndani kwake.

Jumamosi, posti inapoanzia

Posti ya Jumapili inaanzia shambani Jumamosi asubuhi. Binamu anazunguka matuta yote na kunitumia voisi noti, na tumekubaliana asiniambie kuna nini leo, aniambie nini kitakuwa tayari Alhamisi, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Tango ambalo Jumamosi ni dogo, kukiwa na joto Alhamisi limeshapita saizi, limejaa mbegu na ganda gumu. Brokoli ndo kabisa, kichwa kilichofunga vizuri Jumamosi kinaweza kuanza kulegea na kuonyesha maua ya njano ndani ya siku hizo chache. Karoti na kabichi kwa upande mwingine zinasubiri, ukizivuna leo au wiki ijayo tofauti si kubwa.

Kwa hiyo voisi noti inakuja na makundi mawili, "hakika" na "huenda". Kwenye hakika kunakaa vitu vinavyosubiri na majani ambayo tayari yamefikia kimo. Kwenye huenda kunakaa nyanya zinazoanza kugeuka rangi, matango, brokoli na maharage mabichi. Na posti inaandikwa hivyo hivyo, vya hakika vinatajwa wazi, vya huenda vinaandikwa "huenda". Kuna mtu aliniuliza kama hiyo haitoi picha ya biashara isiyojipanga, naona ni kinyume chake, msomaji anaelewa kwamba anaongea na watu wanaotoka shambani kweli, maana duka lenye stoo haliandiki huenda.

Ratiba yenyewe: posti inatoka Jumapili saa mbili usiku, muda ambao watu wengi wanapanga wiki na kuulizana watakula nini. Mwisho wa oda ni Jumanne saa sita mchana. Huo muda haukuwekwa ili kumharakisha mtu, unatokana na uvunaji. Jumanne mchana idadi ya maboksi inaenda shambani, Jumatano vinavunwa vitu vigumu kama karoti na kabichi, halafu Alhamisi alfajiri ndo yanakatwa majani. Alfajiri kwa sababu jani likikatwa linaendelea kupumua, na kila joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kupumua inaongezeka kama mara mbili hadi tatu, huku maji nayo yanatoka. Letasi iliyokatwa saa saba mchana inabeba joto lote la shambani hadi kwenye boksi, itafika imelegea hata ukiificha kivulini, na hapo hamna posti itakayokuokoa. Hayo yote nayafupisha kwenye posti kwa mstari mmoja: "Oda zinafungwa Jumanne saa sita mchana kwa sababu tunavuna kwa idadi ya maboksi." Watu wanauheshimu muda wenye sababu.

Posti mbili kwa usiku mmoja

Nilitaka kujua kwa uhakika kama wazo la kuuza "boksi litakavyoisha" lina nguvu kweli au nalipenda tu. Tuna orodha ya watu walioacha namba zao wakiomba taarifa lakini hawajajiunga, nikaigawa nusu kwa nusu bila kuchagua, nikatengeneza brodkasti mbili za wasapu. Boksi lile lile, bei ile ile, usiku ule ule, saa ile ile, kilichotofautiana ni maneno na picha. Kutuma usiku mmoja ni muhimu sana kwa sababu ukituma moja wiki hii na nyingine wiki ijayo, katikati mshahara umeingia au sikukuu imekuja, utasema posti ya pili ni kali kumbe watu wana hela.

Ili nijue oda imetoka wapi niliongeza mkia kwenye linki ya fomu:

```
?utm_source=whatsapp&utm_campaign=wiki-a
?utm_source=whatsapp&utm_campaign=wiki-b
```

Mtu akibonyeza, ule mkia unasomeka kwenye takwimu za ukurasa wa oda, huna haja ya kumuuliza mteja ametuona wapi, ambayo mara nyingi hata hakumbuki.

Ya kwanza ilikuwa na picha ya shamba jua linachomoza na maneno haya: "Mboga fresh kutoka shambani moja kwa moja hadi mlangoni kwako! Afya bora kwa familia yako. Jiunge leo."

Ya pili picha yake ilikuwa boksi limemwagwa kwenye kaunta ya jikoni, na maneno haya: "Alhamisi jioni unapokea letasi, spinachi, karoti, kabichi na giligilani, huenda na brokoli na nyanya. Alhamisi na Ijumaa kula letasi na giligilani. Jumamosi na Jumapili spinachi na brokoli. Jumatatu hadi Jumatano umebaki na karoti na kabichi, hizo hazina haraka. Wiki ukisafiri unasimamisha, hulipi. Oda zinafungwa Jumanne saa sita mchana." Kisha linki.

Ya kwanza ilipata mioyo na vidole gumba vingi. Ya pili ilipata maswali, na maswali yenyewe ndo yalinifurahisha: letasi ni ngapi, spinachi mnaosha au naosha mwenyewe, kama jirani anaweza kunipokelea, kama naweza kuanza wiki ijayo. Mtu anayeuliza nani atampokelea mzigo ameshaliona boksi mlangoni kwake. Na oda za wiki hiyo zilitoka nyingi upande wa pili. Tukarudia Jumapili zilizofuata huku tukibadilisha picha, maana ingeweza kuwa picha ndo inafanya kazi na siyo maneno, mwelekeo ukabaki ule ule. Sasa muundo wa pili ndo wa kila wiki.

Kitu nilichokiona ndani ya ile posti ya pili ni kwamba mistari ya siku ndo inafanya kazi kubwa. Haimpi mapishi, mapishi yanamtaka aanze kutafuta viungo vingine, inampa mpangilio tu. Mtu anayefika nyumbani amechoka akijua leo ni zamu ya letasi, ameshapunguziwa uamuzi mmoja. Na mpangilio wenyewe siyo wa kubuni, unafuata jinsi kila mboga inavyochoka: majani laini yanapoteza maji haraka, brokoli inapumua kwa kasi na kugeuka njano, mizizi na kabichi vina akiba na vinatulia. Kwa hiyo kila Jumapili nikipata orodha ya binamu naipanga kwanza kwa kuharibika, kuanzia kinachowahi, ndo naanza kuandika.

Picha

Hapa nimekaa sana kwa sababu watu wanaidharau picha ya boksi wanaona haina mvuto. Navitoa vitu vyote kwenye boksi navipanga kwenye kaunta kutoka kushoto kwenda kulia kwa mpangilio wa kuliwa, letasi kushoto kabisa, kabichi kulia kabisa, kwa hiyo picha na maneno vinasema kitu kimoja. Mwanga ni wa dirisha, flashi inafanya majani yang'ae kama plastiki. Mkono wa mtu uwepo mahali fulani kwenye frimu, la sivyo hakuna anayeweza kujua kabichi ni kubwa kiasi gani, na swali la "ni nyingi kiasi gani" ndo swali la kwanza la anayelipa.

Lakini kuna mtego. Posti inatoka Jumapili, boksi linavunwa Alhamisi, kwa hiyo picha ya boksi unalouza haiwezi kuwepo. Wengi wanaziba hilo pengo kwa picha ya kudownlodi ya mboga zimenyunyiziwa maji. Sisi tunatumia picha ya Alhamisi iliyopita na tunaandika chini yake, "Picha ni ya boksi la wiki iliyopita, la wiki hii orodha yake iko hapo chini." Faida yake nimeiona kwa wateja wapya, wanapopokea boksi la kwanza wanalinganisha na ile picha, na kwa kuwa ile ilikuwa boksi la kweli lenye karoti iliyopinda na jani lenye tundu moja, hakuna anayeshangaa. Malalamiko ya "sivyo nilivyoona" hayana pa kuanzia.

Posti ya Alhamisi

Hii inatoka saa kumi na moja jioni, boksi likiwa njiani, na inawalenga waliojiunga lakini tunaiweka wazi kila mtu aione. Kazi yake ni moja, kueleza dakika kumi za kwanza boksi linapofunguliwa. Nimegundua kwamba dakika hizo ndo zinaamua kama mteja atakuwepo mwezi ujao, kwa hiyo acha niandike kwa kirefu tunachowaambia na kwa nini.

Karoti zikifika na majani yake, yakate yote hapo hapo, acha kama sentimita moja au mbili juu. Majani yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye karoti yenyewe na ndo maana karoti yenye majani inalainika na kupinda kama mpira baada ya siku chache friji ikiwa nzuri tu.

Letasi na spinachi zisioshwe kabla ya kuhifadhiwa kama hutazikausha vizuri. Weka kwenye kontena au mfuko pamoja na tishu ya jikoni iliyo kavu, kwa sababu ndani ya mfuko mvuke unageuka kuwa matone na jani lililolala kwenye tone la maji ndo linaanza uteute. Tishu ikilowana badilisha. Zikae sehemu ya baridi ya friji, nyuzi joto 4 au pungufu kidogo bila kuganda.

Giligilani simamisha kwenye glasi ya maji kama maua, funika juu kwa mfuko bila kukaza, weka kwenye friji. Rihani usiifanyie hivyo, yenyewe glasi ya maji inakaa nje kwa sababu baridi ya friji inaigeuza nyeusi.

Nyanya ambazo hazijaiva vizuri zikae nje ya friji. Matango nayo hayapendi baridi kali, chini ya nyuzi kama 10 kwa siku kadhaa yanaanza kupata madoa yenye majimaji na vishimo kwenye ganda, kwa hiyo kama unayaweka kwenye friji yaweke karibu na mlango na uyale mapema.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi hawajawahi kuambiwa: nyanya zinazoiva, ndizi mbivu na matofaa vinatoa gesi inaitwa ethilini, haina harufu unayoisikia, na majani na brokoli vikikaa nayo vinageuka njano kabla ya wakati, karoti zinaanza uchungu. Ukimkuta mteja anasema "spinachi yenu inageuka njano siku ya tatu" muulize kwanza iko droo moja na matunda gani.

Na mwisho, jani lililolegea siyo jani lililoharibika. Letasi iliyolala ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi sana robo saa hadi nusu saa inasimama tena, seli zake zinarudisha maji. Hii kama jani bado ni la kijani na halina uteute, likishakuwa na uteute au harufu tupa.

Hatuweki yote haya kwenye posti moja, tukifanya hivyo hamna atakayesoma. Kila Alhamisi inabeba vitu viwili tu, vile vinavyohusu boksi la siku hiyo. Wiki yenye karoti na letasi tunaongea karoti na letasi. Na tunapiga video ya sekunde chache ya mikono ikikata majani ya karoti, bila muziki, maandishi makubwa juu yake, kwa sababu mteja anaiangalia akiwa amesimama jikoni na boksi mbele yake.

Sikutegemea hii posti iuze, nilidhani ni ya huduma tu, ila ndo inayosambazwa zaidi kuliko zote. Mteja anaituma kwenye grupu la familia kwa sababu hata asiyenunua kwetu ana karoti kwenye friji. Nikaongeza mstari mmoja mwishoni, "Boksi la Alhamisi ijayo tunalitangaza Jumapili saa mbili usiku," na linki ya kuacha namba. Hatuuzi hapo hapo, oda za wiki zimeshafungwa, tunakusanya namba za watu watakaopokea posti ya Jumapili.

Wiki ya mvua

Mvua ilinyesha Jumatatu hadi Jumatano mfululizo. Vichwa vya brokoli vikikaa na maji muda mrefu vinaanza madoa ya kahawia na kuoza kuanzia juu, na binamu akasema hapeleki hata kimoja mjini. Hapa ndo neno huenda lilifanya kazi yake, brokoli haikuahidiwa. Bado tuliandika ujumbe Jumatano jioni kwa waliojiunga, mfupi: brokoli imepata madoa ya mvua, nafasi yake yanakuja maharage mabichi, yaliwe siku zile zile za brokoli, yaani Jumamosi na Jumapili.

Hiyo ndo sheria yetu ya kubadilisha, tunabadilisha kwa kitu kinachokaa kwenye siku ile ile ya mpangilio. Jani laini linabadilishwa na jani laini, kigumu na kigumu. Ukiondoa brokoli ukaweka letasi ya ziada umempa mteja majani mawili ya kuwahi kwa wakati mmoja, moja litaishia kwenye pipa la taka, na umeuharibu mpangilio uliomuuzia Jumapili. Mteja mmoja, mama mwenye watoto watatu, alijibu, "Asanteni kwa kunijulisha mapema, nilishapanga brokoli Jumamosi." Amepanga! Yaani ile mistari ya siku anaifuata kweli.

Jedwali la kuhesabu

Watu wananiuliza tunapimaje kama posti imefanya kazi. Laiki nimeacha kuziandika kabisa. Ninachoandika kwa kila posti ni walioanza kupitia linki yake, halafu wangapi kati yao bado wapo baada ya boksi la nne. Tuseme posti moja ya ofa kubwa imeleta watu 20 na baada ya boksi la nne wamebaki 8, na posti ya kawaida yenye mpangilio imeleta 12 wamebaki 10. Kwa kuangalia mwanzo ya kwanza imeshinda. Lakini wale 12 walioondoka kila mmoja alibebewa boksi, alifungashiwa, dereva alitafuta nyumba yake kwa mara ya kwanza, ambayo ndo safari inayochukua muda kuliko zote, na wengi wao wameondoka na kumbukumbu ya mboga zilizooza. Ya pili imeacha watu wengi zaidi mezani na usumbufu kidogo. Hivyo ofa za kupunguza boksi la kwanza tumeziweka pembeni kwa sasa, zinavuta mtu anayenunua bei, wakati sisi tunamtafuta anayenunua mpangilio wa wiki.

Dalili ya mapema kabla hata ya boksi la nne ni maboksi matupu. Tunaomba mteja arudishe boksi la wiki iliyopita dereva anapoleta jipya. Anayerudisha kila wiki yuko kwenye ratiba. Akiacha kurudisha, au dereva akilikuta bado lina kabichi ndani, nampigia kabla hajaamua kuacha, na mara nyingi jibu ni kumhamisha kutoka boksi kubwa kwenda dogo. Tunapata kidogo kwa wiki ila tunabaki naye.

Kusimamisha

Binamu hakupenda mwanzoni tuandike "unaweza kusimamisha wiki" kwenye kila posti, aliona tunawakumbusha watu mlango wa kutokea. Nikamwambia hivi, mtu anayesafiri wiki moja ana njia tatu: boksi lije lioze, asimamishe, au ajitoe kabisa. Akijua kusimamisha ni kujibu "SIMAMISHA" kwenye wasapu kabla ya Jumanne saa sita, atachagua hiyo. Asipojua atajitoa, na aliyejitoa inabidi umuuzie upya. Shambani nako inasaidia, kwa sababu aliyesimamisha Jumanne asubuhi hakatiwi letasi Alhamisi. Tumekubaliana ibaki kwenye posti zote na sasa yeye mwenyewe ndo ananikumbusha nikiisahau.

Maneno tunayoyakwepa

Ogani hatuandiki, hatujakaguliwa wala hatuna cheti cha hiyo kitu, tunaandika tunachofanya: samadi iliyooza vizuri, na dawa inapopigwa tunasubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ndo tunavuna. Mteja akiuliza dawa gani anatajiwa. "Imevunwa leo" tunaandika kwa majani tu, kwa sababu karoti zilitoka jana, na karoti ya jana haina aibu yoyote. Mambo ya mboga kutibu magonjwa hatugusi. Na "nafasi zimebaki chache" inaandikwa pale tu binamu anapotoa namba, kwa mfano matuta ya spinachi wiki hii yanatosha maboksi 60, waliojiunga ni 52, basi posti inasema nafasi nane, na zikijaa fomu inafungwa hata kama ni Jumatatu. Mara ya kwanza ilipofungwa mapema watu waliokosa waliandika wakalalamika, nikawaweka wa kwanza kwenye orodha ya Jumapili iliyofuata.

Inayofuata

Binamu anasema spinachi imekimbia na wiki mbili zijazo kila boksi litapata mafungu mawili. Hapo mpangilio wa kawaida hautoshi, hakuna familia ya watu wawili itakayomaliza mafungu mawili kwa siku mbili. Kwa hiyo posti ya Jumapili itasema wazi kwamba fungu moja ni la kula na moja ni la friza, na ya Alhamisi itaonyesha jinsi ya kufanya: maji yachemke kweli kweli, spinachi iingie dakika 2, itoke moja kwa moja kwenye maji ya barafu ili isiendelee kuiva, ikamuliwe kwa mkono mpaka maji yaishe, igawanywe vibonge vya mlo mmoja mmoja, friza. Ile ya kuchemsha kidogo isirukwe, bila hiyo vimeng'enya vinaendelea kufanya kazi hata kwenye barafu na spinachi inapoteza rangi na ladha. Video itapigwa Jumatano kwa fungu la majaribio, nataka ionekane fungu kubwa lilivyosinyaa likawa kibonge kinachoenea kiganjani, maana mtu akiona mafungu mawili kwenye orodha anaogopa, na akiona kibonge anahesabu vitatoka vingapi. Linki ya wiki hiyo nimeshaiandaa, mkia wake ni `wiki-spinachi`.